Wali wa mchana uliotapikwa usiku: kisa cha malaria iliyojificha tumboni

"Punje nzimanzima, daktari. Utasema umetoka jikoni sasa hivi."

Ndivyo mama alivyoanza, kabla hata ya kutaja homa. Mimi si daktari, ni tabibu tu, lakini huku wilaya ya Micheweni, kisiwani Pemba, kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, na nimeshachoka kusahihisha. Mtoto wake wa kike, miaka 7, alikula wali wa nazi na mchuzi wa changu saa saba mchana siku ya Jumatano. Saa mbili usiku akautapika wote uani. Mama alimulika kwa tochi ya simu, na kilichomtisha hakikuwa kutapika. Kilichomtisha ni kwamba wali uliokaa tumboni saa saba ulikuwa haujabadilika.

Niliandika hilo kwenye daftari kwa sababu watu wengi hawalisemi, wakidhani ni uchafu usiofaa kutajwa mbele ya tabibu. Kumbe ndani ya zile punje mna nusu ya maelezo ya ugonjwa wenyewe, na nitarudi kwao.

Kwanza nieleze ilivyokwenda. Jumatano hiyo jioni mtoto alirudi chuoni akasema roho inamchafuka. Jikoni palikuwa na dagaa wa kukaanga, chakula anachokipenda, lakini harufu ilipomfikia alitoka akaenda kukaa barazani peke yake. Mama akafikiria maembe mabichi, kwa kuwa watoto wa pale mtaani hushinda wakiyala kwa chumvi na pilipili. Usiku akatapika, mwili ukawa wa moto. Alhamisi asubuhi wakaenda duka la dawa, wakapewa dawa ya tumbo ya kutafuna na paracetamol ya maji. Hakuulizwa alikuwa wapi wiki mbili zilizopita, wala hakutobolewa kidole. Mchana akatapika tena, safari hii maji ya manjano yenye ukijani, machungu mpaka akalia. Jirani akasema hiyo ni nyongo, imempanda, ikishatoka atapona. Akapewa maji ya ndimu. Jioni joto likashuka, akacheza kidogo, na jirani akaonekana anajua. Alfajiri ya Ijumaa akaamka anatetemeka meno yakigongana, na hata maji ya kunywa hayakumkaa.

Nilimuuliza mama swali moja ambalo Zanzibar kila mwenye homa anapaswa kuulizwa: mtoto ametoka nje ya kisiwa karibuni?

"Alikuwa Tanga kwa bibi yake, likizo. Wamerudi pamoja na bibi mwenyewe, leo siku ya kumi na mbili."

Mbu mwenye vimelea vya malaria vya aina ya falsiparamu akikuuma leo, homa kwa kawaida huanza baada ya siku 9 hadi 14. Vimelea hukaa kwanza ndani ya ini kimya kimya, kisha humwagika kwenye damu. Hesabu ya mtoto huyu ilikaa sawasawa na safari yake. Kipimo cha haraka cha malaria kilitoa mistari miwili, yaani vimelea vimo, kabla dakika 15 hazijatimia. Joto lilikuwa nyuzi 39.6, uzito kilo 21, ulimi mkavu, tumbo laini lisilouma, na nilipobonyeza chini ya mbavu za kushoto wakati anavuta pumzi niligusa ncha ya bandama. Hakuharisha hata mara moja. Sukari ya damu kwenye kidole ilikuwa milimoli 3.4 kwa lita. Alikaa mwenyewe bila kuegemea, na alinijibu jina lake na la mwalimu wake. Haya mawili ya mwisho yalinifaa kuliko kipimajoto, na sababu nitaieleza.

Sasa turudi kwenye wali.

Mama aliamini, kama tunavyoamini wengi, kwamba mtu hutapika kwa sababu tumbo lina kitu kibaya na linataka kukitoa. Kwa chakula kilichooza ni kweli. Kwa malaria siyo. Tumbo la mtoto huyu halikuwa na kosa lolote, wala maembe hayana hatia. Vimelea vya malaria havikai tumboni. Viko ndani ya chembe nyekundu za damu, na kila baada ya saa 48 hivi chembe zilizojaa hupasuka ili watoto wao wakavamie chembe nyingine. Chembe moja inapopasuka hutoa zaidi ya kumi na tano wapya, lakini kinachomwumiza mgonjwa saa ile si wao. Ni takataka zinazomwagika pamoja nao: vipande vya ngozi ya kimelea, na vumbi jeusi ambalo ni mabaki ya damu aliyokula. Chembe nyeupe zinakutana na takataka hizo, zinazitambua kuwa ni za adui, na zinapiga mbiu.

Mbiu hiyo ni kemikali ziitwazo saitokini. Zinasafiri kwenye damu mwili mzima, na ujumbe wake kwa ubongo ni mmoja: kuna vita, badilisha mambo. Ubongo unapandisha kiwango cha joto, na kwa kuwa mwili sasa unajiona uko chini ya kiwango kipya, mgonjwa anahisi baridi na kutetemeka ilhali ukimgusa anaunguza. Hii watu wanaijua. Wasichokijua ni kwamba amri ya kupandisha joto, amri ya kukata njaa na amri ya kuchafua roho zinatoka kwenye mbiu hiyohiyo moja. Homa haileti kichefuchefu kama moshi unavyoletwa na moto. Homa na kichefuchefu ni ndugu wa baba mmoja.

Na kwa kichefuchefu ubongo una sehemu yake maalumu. Nyuma kabisa, kisogoni, pale ubongo unapokaribia kuwa uti wa mgongo, pana sehemu ndogo iliyoachwa wazi kwa damu. Ubongo wote umezungukwa na ukuta unaochuja kinachoingia kutoka kwenye damu, ila hapo ukuta ni mwepesi kwa makusudi, ili sehemu hiyo iwe inaonja damu muda wote na kutoa amri ya kutapika ikikuta sumu. Ni kinga nzuri kwa mtu aliyekula mhogo mchungu. Lakini mwonjaji huyu hana uwezo wa kutofautisha sumu iliyoingia kwa mdomo na vurugu iliyozaliwa ndani ya damu yenyewe. Akionja damu iliyojaa saitokini, anatoa amri ileile, na tumbo linatii.

Njia ya pili ni mshipa wa fahamu wa vagasi, unaotoka kwenye ubongo ukashuka kifuani hadi kwenye tumbo, ini na utumbo. Huu hubeba habari pande zote mbili. Huko chini unazihisi zilezile saitokini na kupeleka taarifa juu, kisha kutoka juu unarudisha amri ya kupunguza kazi. Tumbo linalegea. Mlango wa chini wa tumbo, unaoruhusu chakula kushuka kidogo kidogo kwenye utumbo, unafunguka kwa shida. Wali ambao siku ya kawaida ungekuwa umeshuka wote kabla ya magharibi unabaki palepale, umelowana tu. Kwa hiyo zile punje nzima zilikuwa zinasema kwamba tumbo lilisimama kazi kabla ya saa mbili usiku, na pengine kabla ya mtoto kurudi chuoni. Homa aliyoigundua mama usiku ilikuwa imeanza kazi yake mchana, akiwa bado anaonekana mzima.

Hata harufu ya dagaa ina nafasi yake hapa. Mtu ambaye roho imeshaanza kuchafuka anahitaji kichocheo kidogo sana. Harufu ya mafuta ya moto, inayomtia njaa aliye mzima, inamsukuma huyu mgonjwa upande wa pili. Nimeona mabaharia wazima wa Konde, watu wanaokula samaki wa kuoka asubuhi, wanageuza uso kwa harufu ya samaki siku ya kwanza ya malaria, kabla joto halijapanda. Siwezi kusema ni dalili ya kutegemewa, kwa sababu mjamzito na mwenye ini la manjano wanafanya vilevile. Ila ukiisikia kwa mtu aliyetoka bara karibuni, mtoboe kidole.

Nyongo ilimpotosha jirani, na imewapotosha wengi kabla yake. Kabla mtu hajatapika, utumbo mwembamba hujikaza kinyumenyume kwa nguvu na kurudisha vilivyomo juu tumboni. Kama tumbo lina chakula, rangi ya chakula inafunika kila kitu. Kama tumbo ni tupu, kama lilivyokuwa Alhamisi, kinachotoka ni maji ya tumbo yaliyochanganyika na nyongo iliyorudishwa kutoka kwenye utumbo, nayo ni ya manjano yenye ukijani na ni chungu. Yaani ile rangi ilikuwa inatangaza njaa. Ilisema kwamba mtoto hakuwa na kitu tumboni na bado anatapika. Nyongo yenyewe haikuwa ugonjwa, na kuitoa hakukumponya. Aliona nafuu jioni kwa sababu homa ya malaria hupanda na kushuka, na paracetamol ilikuwa imemsaidia kushuka. Ndimu ilipewa sifa isiyokuwa yake. Sikumlaumu jirani, kwa kuwa ukikaa karibu na mgonjwa ndivyo inavyoonekana kabisa: katapika kijani, kapata nafuu.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu njaa, nalo ndilo lililonifanya nipime sukari. Kukosa hamu ya kula kwa siku moja hakumdhuru mtoto. Mwili unaopigana unakata njaa, na mnyama yeyote mgonjwa, hata mbuzi, hufanya hivyo. Lakini malaria ina hila. Chembe nyekundu yenye kimelea inakula sukari mara nyingi zaidi kuliko chembe nzima. Homa nayo inaongeza matumizi ya mwili kwa kila nyuzi inayopanda. Na ini la mtoto halina akiba kubwa. Kilo 21 za mwili hazibebi akiba ya mtu mzima. Mtoto ambaye hajala tangu Jumatano mchana, na hicho alichokula kimerudi, anaingia Ijumaa akichoma mafuta ya mwili badala ya sukari. Uchomaji huo huacha asidi kwenye damu, na asidi hizo zenyewe zinachafua roho. Hapo mzunguko unajifunga: anatapika, kwa hiyo hawezi kula; hawezi kula, kwa hiyo anatapika. Sukari ya 3.4 haikuwa ya kutisha, ugonjwa mkali huanza kuhesabiwa chini ya 2.2, lakini ilinionyesha kule anakoelekea.

Nilimuuliza maswali na kumtaka akae mwenyewe kwa sababu nilikuwa najiuliza jambo moja tu: nimtibu kwa vidonge au kwa sindano? Mtoto anayetapika kila kitu, asiyeweza kunywa kabisa, aliyepata degedege, anayelala na kuamshwa kwa shida au anayeshindwa kukaa ilhali kabla alikaa, huyo ana malaria kali mpaka ithibitike vinginevyo. Dawa yake ni atesunati ya sindano: miligramu 2.4 kwa kila kilo, au miligramu 3 kwa kila kilo kwa mtoto wa chini ya kilo 20, mara ya kwanza, baada ya saa 12, na baada ya saa 24. Kwa kilo 21 ni kama miligramu 50 kila mara. Niliitoa chupa nikaiweka mezani. Mama aliiona, na nadhani ilimtisha kuliko maneno yangu yote. Lakini mtoto alikuwa macho, anajibu, na tulikuwa hatujathibitisha kama kweli hakitulii kitu chochote au ni namna tu alivyokuwa anapewa.

Na hapa nilikosea mimi.

Zanzibar, tangu mwaka 2003, dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali ni atesunati pamoja na amodiakwini, siku hizi katika kidonge kimoja chenye dawa mbili. Kwa mtoto wa kilo 18 hadi chini ya 36 ni kidonge kimoja chenye miligramu 100 na 270, mara moja kwa siku, siku 3. Nilikisaga kidonge, nikakichanganya na maji, nikampa kikombe kizima amalize. Joto lilikuwa bado 39.6. Baada ya dakika 20 dawa yote ilikuwa sakafuni, ya manjano, pamoja na maji yote.

Kanuni ni nyepesi: akitapika ndani ya nusu saa, dozi hiyo haihesabiki, inarudiwa nzima. Kwa hiyo hatukupoteza kitu ila kidonge. Ila nilipaswa kujua kwamba tumbo lililosimama halipokei kikombe kizima kwa mara moja. Kikombe kinalitanua, mshipa wa vagasi unapeleka habari ya kutanuka, na ubongo ambao tayari uko mkononi mwa saitokini unahitaji sababu hiyo moja tu.

Mara ya pili tulikwenda polepole. Kwanza paracetamol ya kuweka njia ya haja kubwa, kwa kuwa mdomoni isingekaa. Tukamvua nguo nzito na kumpepea. Nikamwonyesha mama kutengeneza maji ya sukari: vijiko vinne vya chai, vya kusawazisha, kwenye kikombe cha maji safi cha mililita 200. Kisha kijiko kimoja cha chai kila dakika mbili, kwa saa ya ukutani. Kijiko ni mililita 5, kwa hiyo saa nzima ni mililita 150, na hiyo ni zaidi ya alichokuwa amebakiza tangu Alhamisi. Mama alitaka kuongeza kasi kwa sababu mtoto alikuwa na kiu kweli. Nilimkatalia. Kiu ya mtoto inadai kikombe, lakini tumbo lake linaweza kijiko tu. Akitapika, unasubiri dakika kumi, unaanza tena kwa taratibu zaidi. Hakutapika. Baadaye tukabadilisha tukampa ORS kwa mtindo huohuo.

Baada ya saa na robo joto lilikuwa 38.3. Mbiu kwenye damu ilikuwa bado ipo, paracetamol haiui kimelea hata kimoja, lakini joto likishuka roho hutulia kiasi, na hicho kiasi ndicho dirisha la kupitishia dawa. Nikasaga kidonge kingine, nikakikoroga kwenye vijiko viwili tu vya maji ya sukari, nikampa kwa kijiko, kisha kipande kidogo cha sukari alambe kuondoa uchungu. Amodiakwini ni chungu sana, na uchungu peke yake unaweza kumtapisha mtoto. Nikamketisha kwenye mapaja ya mama, kichwa juu, bila kumlaza wala kumbeba huku na kule. Nusu saa ikapita, saa ikapita. Chupa ya sindano ikarudi kabatini.

Mama aliuliza kama hakuna dawa ya kuzuia kutapika. Ipo, na katika maduka inauzwa kirahisi. Kwa mtoto mwenye malaria sipendi kuitoa. Nyingine huweza kumkaza mtoto shingo na macho kwa namna inayofanana na degedege, na nyingine humtia usingizi, halafu unakaa usiku mzima hujui kama amelala kwa dawa au malaria imepanda kichwani. Kutapika kunakoendelea ni habari ninayoihitaji. Sitaki kuifunga mdomo kabla sijaisikia.

Jumamosi walirudi, kama nilivyowaambia. Usiku joto lilikuwa limepanda mara moja tu. Kidonge cha pili alikunywa asubuhi na kilikaa, lakini kama saa mbili baadaye roho ilimchafuka tena na akatapika kidogo. Mama aliogopa kwamba dawa imeshindwa. Hapa ndipo watu wengi hutupa vidonge vilivyobaki, kwa hiyo niliketi naye. Amodiakwini yenyewe huleta kichefuchefu na uchovu, na wagonjwa wengi wanaokunywa huhisi hivyo. Kutofautisha na ugonjwa hakuhitaji mashine. Kichefuchefu cha ugonjwa hupanda pamoja na homa na hakijali saa. Kichefuchefu cha dawa huja baada ya kidonge, mwili ukiwa wa kawaida, na hupungua mchana. Joto lake lilikuwa 37.2, na alitapika zaidi ya saa moja tangu ameze, kwa hiyo dozi ilikuwa imeshaingia. Hatukurudia.

Bibi alikuja naye siku hiyo, mwanamke mrefu mwenye kanga mpya. Nikamwamkia, akaitika, kisha akanishauri. Tanga, akasema, dawa ya malaria hunywewa na maziwa au chakula cha mafuta, na yeye alikuwa ameshamchemshia mjukuu maziwa ya ng'ombe na samli, ila mtoto ameyakataa. Alikuwa sahihi kwa dawa anayoijua. Bara dawa mseto ni atemetha na lumefantrini, na lumefantrini haiingii vizuri kwenye damu bila mafuta. Huku dawa mseto ni nyingine ingawa watu huiita jina hilohilo. Hii yetu haihitaji mafuta, na mlo wenye mafuta mengi haufai kuandamana nayo. Nilimwambia, "Bibi, maziwa na samli mpe wiki ijayo. Leo uji mwepesi wa mchele, chumvi kidogo, na dafu akitaka." Mafuta pia hulifanya tumbo lizidi kuchelewa kushuka, na hilo ni tumbo ambalo ndio kwanza linaamka.

Kuhusu kulazimisha chakula, niliwapa wote wawili, mama na bibi, msimamo wangu. Usimlazimishe kula siku mbili za kwanza. Unapigania maji, sukari na dawa. Njaa hairudi kwa kubembelezwa, hurudi takataka za vimelea zinapopungua kwenye damu na mbiu inaponyamaza. Kwa dawa hii hilo hutokea haraka, mara nyingi ndani ya siku mbili. Kwa hiyo njaa inaporudi huwa naiamini kuliko joto lililoshuka, kwa sababu joto linaweza kushushwa na paracetamol lakini hakuna kidonge cha dukani kinachomfanya mtoto aulize kuna nini jikoni. Na kinyume chake pia: kama ingefika siku ya tatu, joto limeshuka na bado hataki kitu, ningetafuta kingine, kwa mfano ini, mkojo au taifodi. Wala nisingekikimbilia kipimo cha haraka kinirudie jibu, kwani kinasoma protini ya kimelea ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya kupona. Hapo inahitajika slaidi na hadubini.

Jumapili mchana, siku ya kidonge cha tatu, ofisa wa malaria wa wilaya aliwafuata nyumbani. Kwetu kila mgonjwa aliyethibitishwa hutumwa taarifa kwa simu, kisha nyumba yake hufuatwa na waliomo hupimwa wote, kwa sababu malaria imebaki kidogo visiwani na kila kisa kinatafutiwa asili yake. Wakapimwa watu sita. Watano hawakuwa na kitu. Wa sita alikuwa bibi.

Aliletwa kituoni amekasirika. Hana homa, hana kichwa, asubuhi alikula mihogo na chai ya maziwa akamaliza. Nilitengeneza slaidi yake nikaiweka kando ya ile ya mjukuu niliyoiweka Ijumaa. Kwa mjukuu, kila nilipotazama kulikuwa na chembe zenye pete. Kwa bibi ilinibidi nisogeze slaidi muda mrefu mpaka nikampata mmoja, kisha mwingine. Wachache, lakini wamo, na ni wa aina ileile.

"Mbona mimi sikutapika?" aliuliza, kama anayenikamata kwa uongo.

Ni swali ambalo ningependa kuulizwa kila siku. Yeye amezaliwa na kukulia mahali penye malaria, ameugua utotoni mara asizozikumbuka. Mwili wake umejifunza mambo mawili: kuwabana vimelea wasizidi, na kutopiga mbiu kubwa kila unapokutana na takataka zao. Vimelea wapo, mbiu ni ndogo, kwa hiyo mwonjaji wa kisogoni haonji kitu cha kumshtua. Mjukuu amezaliwa Pemba, katika miaka ambayo mtoto anaweza kufika darasa la pili bila kuumwa malaria hata mara moja. Mwili wake ulikutana na kimelea kwa mara ya kwanza ukaitisha jeshi zima. Bibi na mjukuu walitoka Tanga kwa boti moja, na vimelea wa aina moja, mmoja akala mihogo na mwingine akashindwa na maji. Kama kutapika kungekuwa kazi ya kimelea mwenyewe tumboni, hilo lisingewezekana.

Bibi alisikiliza, akasema "haya," akameza vidonge vyake viwili mbele yangu, maana mtu wa kilo 36 na kuendelea hunywa viwili. Jumatatu asubuhi mama alinipigia simu. Mtoto alikuwa ameamka akaomba mkate wa kumimina na amekula vipande viwili, na wala hakuvirudisha. Kisha akampa simu bibi, ambaye alikuwa na lake la kusema.

"Daktari," alisema, "malaria haikunitapisha. Dawa yako ndiyo iliyonitapisha usiku kucha."

Nikamuuliza ilikuwa muda gani baada ya kumeza. Saa tatu, akasema. Nikamwambia dozi imeshaingia, na leo ameze baada ya uji.